SAA ZA NDEGE ZIKIBADILISHWA BAADA YA KUNUNUA TIKETI
Hesabu Kwanza, Ndipo Ujibu

Katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, nchini Marekani, wanakaa ndugu wawili wenye asili ya Unguja, nasi twawajua vyema. Mwezi wa Januari mwaka 2025 walipata habari ya furaha kutoka nyumbani, kwamba mdogo wao wa kike ameposwa, na nikaha itafungwa Alhamisi tarehe 3 Julai, baada ya swala ya Isha. Baba yao amekwisha fariki, na kaka mkubwa ndiye walii. Wakaomba ruhusa makazini, na kila mmoja akanunua tiketi za nyumba yake: mkubwa tiketi tano, na mdogo tiketi nne. Walisafiri ndege zile zile, kwa saa zile zile. Lakini mmoja alihudhuria nikaha ya dada yake, na mwingine alifika watu wamekwisha tawanyika. Kilichowatenga hakikuwa mali wala bahati. Kilikuwa ni jibu la neno moja lililotolewa bila ya hesabu.

Twawaletea wasomaji wetu habari yao, kwa idhini yao, kwa sababu jambo lililowapata laweza kuipata nyumba yoyote ile yenye jamaa ng'ambo.

Safari waliyoinunua ilikuwa hivi. Waondoke Columbus Jumatano tarehe 2 Julai, saa 12:45 asubuhi, wafike Washington, wabadilishe ndege, wavuke mpaka mji mmoja wa Ghuba, na kutoka hapo wapande ndege ya tatu itakayowafikisha Unguja Alhamisi saa 7:55 mchana. Zote zilikuwa ndani ya tiketi moja ya shirika moja. Mwezi wa Aprili shirika lile likaiondoa ndege yake ya asubuhi ya kutoka Ghuba kwenda Unguja, likawahamishia abiria wake kwenye ndege ya jioni. Kwa hiyo kufika Unguja kukawa si saa 7:55 mchana tena, bali saa 4:05 usiku. Na hapo nikaha imekwisha fungwa.

Msomaji asidhani kuwa jambo hili ni la ajabu. Mashirika ya ndege huanza kuuza tiketi zaidi ya miezi kumi kabla ya siku ya safari, ilhali ratiba yenyewe haijatulia. Mwaka wao hugawanywa misimu miwili: msimu wa kiangazi cha kaskazini, uanzao Jumapili ya mwisho ya Machi, na msimu wa baridi, uanzao Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kila msimu ukaribiapo, shirika huzipanga upya ndege zake, marubani wake, na nafasi zake katika viwanja. Ndege isiyojaa huondolewa, na abiria wake hutiwa katika nyingine. Basi mwenye kununua tiketi mapema hana budi kutazamia kwamba saa alizoandikiwa zaweza kusogezwa. Nyingi husogezwa kwa dakika kumi au ishirini, wala hazina neno. Swali letu ni juu ya zile zinazosogezwa sana.

KIDOLE CHA HARAKA

Ndugu mdogo alikuwa amenunua tiketi zake mwenyewe kwa simu, moja kwa moja kutoka kwa shirika. Kwa hiyo taarifa ya mabadiliko ilimjia yeye. Aliisoma akiwa kazini, baina ya shughuli na shughuli. Mstari wa kwanza ulitaja kuondoka Columbus 06:45, yaani ile ile saa 12:45 ya asubuhi. Akaona hakuna kilichobadilika. Hakuendelea kusoma mpaka chini, ambako ndege ya tatu iliandikwa kuwa itafika 22:05. Chini kabisa palikuwa na vitufe viwili, kimoja kimeandikwa `Accept` na cha pili `Change`. Akabonyeza cha kwanza, akaiweka simu mfukoni.

Siku tatu baadaye alimtajia kaka yake kama habari ndogo tu. Kaka akashangaa, kwani yeye hakupata taarifa yoyote. Sababu yake ni kwamba alinunua kwa wakala, na wakala alikuwa ametia anwani yake mwenyewe katika kumbukumbu ya safari, si anwani ya msafiri. Wakala ameiona alama `TK` mbele ya ndege ya tatu, ambayo maana yake ni kwamba nafasi ipo lakini saa zimebadilishwa na msafiri aarifiwe, naye alikuwa hajapata wasaa wa kupiga simu.

Hapo ndipo mke wa yule mkubwa alipochukua karatasi, akaandika saa za zamani upande mmoja na saa mpya upande wa pili. Akaona: kuondoka hakukubadilika, lakini kufika kumechelewa kwa saa 8 na dakika 10.

"Mdogo wangu," kaka akamwuliza, "wewe umewajibu nini?"

"Kaka, mimi nalidhani ni kuwaambia tu kwamba nimeipata barua yao."

Na hilo ndilo kosa lenyewe. Neno lile halina maana ya "nimepokea habari." Lina maana ya "nimeridhika na safari hii mpya." Alipolipigia simu shirika siku ya pili yake, aliambiwa kwa adabu kwamba amekwisha ikubali ratiba mpya, na kama ataka kuibadilisha sasa, atalipa dola 200 kwa kila tiketi pamoja na tofauti ya nauli. Kwa tiketi nne hakuweza.

SHERIA YASEMAJE

Katika maisha ya biashara sisi sote twaujua msingi wa jambo hili. Mtu akinunua kitu kwa sifa maalumu, kisha akaletewa chenye sifa nyingine, ana hiari: akipokee kilicholetwa, au akirudishe achukue fedha zake. Lakini akishakipokea kwa ridhaa, hiari yake imekwisha. Sheria ya Marekani juu ya safari za ndege imekaa juu ya msingi huo huo.

Kwa miaka mingi nchi ile ilikuwa na kanuni kwamba safari ikibadilishwa "sana," msafiri arudishiwe fedha. Lakini hapakuwa na aliyesema "sana" ni kiasi gani, na kila shirika lilipima kwa kipimo chake. Mwaka 2024 jambo hilo lilimalizwa. Bunge la Marekani lilipitisha sheria, na Idara ya Usafirishaji ikatoa kanuni, na kipimo kikaandikwa kwa saa.

Kwa safari ya kutoka nchi moja kwenda nyingine, kipimo ni saa 6. Kwa safari ya ndani ya Marekani, kipimo ni saa 3. Msafiri akitakiwa kuondoka mapema zaidi kwa kiasi hicho au kupita, au akifikishwa mwisho wa safari akiwa amechelewa kwa kiasi hicho au kupita, basi safari hiyo imebadilishwa sana. Akiikataa, na akakataa pia badala atakayopewa, fedha zake zarudi, hata kama tiketi yake iliandikwa kuwa haina marejesho. Kadhalika imehesabiwa kuwa mabadiliko makubwa, bila ya kutazama saa, kama ameongezewa kituo cha kubadilisha ndege ambacho hakikuwamo, au amehamishiwa uwanja mwingine wa kuondokea au kufikia, au ameshushwa daraja la kiti. Kanuni hii yafuata safari iingiayo, itokayo, au iliyomo ndani ya Marekani, hata kama shirika lenyewe si la Kimarekani.

Twapenda msomaji aangalie jinsi hesabu inavyofanywa, maana wengi hukosea hapa. Linganisha saa ya kuondoka mwanzo kabisa wa safari, kisha linganisha saa ya kufika mwisho kabisa. Usihesabu muda wa kungoja katikati. Ndugu zetu hawa walitakiwa kungoja Ghuba zaidi ya saa kumi badala ya mbili, na hilo peke yake lisingewapa haki. Kilichowapa haki ni kufika Unguja saa 8 na dakika 10 baadaye. Na mtu anayeambiwa aondoke kwa kuchelewa saa 7, lakini afike kwa kuchelewa saa 5 tu, hakukitimiza kipimo, kwa sababu sheria yatazama kuondoka mapema na kufika kwa kuchelewa.

Jambo la pili ni namna ya kusoma saa. Tiketi huandikwa kwa saa za mahali penyewe, na kwa mtindo wa saa 24, unaoanza usiku wa manane. Msomaji wa Kiswahili akiona 13:55 aijue kuwa ni saa 7:55 mchana, na 22:05 ni saa 4:05 usiku. Atazame pia tarehe, kwa sababu safari ndefu hufika siku ya pili, na alama `+1` iliyo kando ya saa ndiyo iielezayo. Tumewahi kumwona mtu akilalamika kwa saa 4 alizodhani amecheleweshwa, kumbe ni saa 28, kwa kuwa hakuitazama alama iliyogeuka kuwa `+2`.

Jambo la tatu, tiketi ya kwanza isitupwe. Shirika laweza kusogeza saa 4 mwezi wa Machi, na saa 4 nyingine mwezi wa Mei. Kila taarifa ukiilinganisha na ile iliyoitangulia, waona ni ndogo. Ukiilinganisha na safari uliyoilipia siku ya kwanza, waona ni saa 8. Kwa hiyo yafaa kuihifadhi karatasi ya siku ya kwanza, na kutokubonyeza neno la kukubali kwa kila taarifa ndogo bila ya kufikiri.

FEDHA AU SAFARI?

Ndugu mkubwa, baada ya kuhesabu, alikuwa na haki ya kurudishiwa dola 7,400 zote alizolipa, yaani dola 1,480 kwa kila mmoja wa watu watano. Angeweza kuzidai siku ile ile. Lakini mkewe akamzuia. "Tuzichukue," alisema, "kisha tufike kwa nini?" Wakatazama bei za mashirika mengine kwa tarehe zile zile. Aprili si Januari. Tiketi ya bei nafuu waliyoiona iliyowafikisha kabla ya nikaha ilikuwa dola 2,050 kwa mtu mmoja, yaani dola 10,250 kwa wote. Marejesho yangewapa fedha zao, lakini wangepungukiwa dola 2,850.

Hapa pana tofauti ambayo twaomba ishikwe vizuri. Sheria ya Marekani yamdhamini msafiri fedha zake. Haimdhamini kiti katika ndege nyingine. Kubadilishiwa safari bila ya malipo ni jambo litokanalo na masharti ya shirika lenyewe, na mashirika mengi hulikubali mabadiliko yakiwa makubwa, maana kwao ni bora kumhamisha abiria kuliko kumrudishia nauli. Lakini hukubali kwa mipaka: siku moja kabla au baada, ndege zao wenyewe, na maadamu viti vipo. Mara nyingi hawatakuchagulia iliyo bora kwako. Watakutia popote, nawe ndiye upaswaye kuitafuta na kuitaja.

Basi akatafuta kwanza. Aliona shirika lile lile lina viti siku moja kabla, kuondoka Columbus Jumanne tarehe 1 Julai na kufika Unguja Jumatano saa 4:05 usiku. Ingawa ndege ya jioni ilikuwa ile ile, wangefika na siku nzima ya Alhamisi mbele yao. Akamwambia wakala wake maneno machache: kwamba ratiba mpya haikubali, kwamba kufika kumechelewa kwa zaidi ya saa 6, kwamba ataka kuhamishiwa tarehe 1 Julai bila ya malipo, na kwamba ikishindikana ataka fedha zake zirudi. Wakala alilipeleka ombi hilo kwa shirika, na likakubaliwa siku ile ile. Hawakulipa hata senti.

Angalieni mpangilio wa maneno yake. Hakuanza kwa ugomvi, wala hakudai fedha kwanza, maana akizipokea safari imevunjika na viti vimerudi sokoni. Alitaja saa, akataja ndege anayoitaka, na haki ya marejesho akaiweka nyuma yake kama ukuta wa kuegemea.

Hakuishia hapo. Kuhamishwa katika kumbukumbu ni jambo moja, na tiketi kutolewa upya ni jambo jingine. Kumbukumbu ya safari hujulikana kwa herufi na tarakimu sita. Tiketi yenyewe ina nambari ya tarakimu 13. Pengine kumbukumbu huonyesha ndege mpya, na tiketi bado yataja ndege ya zamani. Abiria wa namna hii hushangazwa uwanjani, aambiwapo kwamba jina lake lipo lakini tiketi haipo. Kwa hiyo alimwomba wakala karatasi mpya za tiketi tano, akahakikisha kwamba kila jina lina ndege zote tatu zenye tarehe mpya. Akamtaka pia aandike nambari yake ya simu na anwani yake katika kumbukumbu, ili taarifa nyingine isipotee njiani.

MWENYE KUCHAGUA FEDHA

Kwa mwingine, ambaye safari mpya haimfai kwa vyovyote, marejesho ndiyo njia. Aliyelipa kwa kadi ya benki ya mkopo yapasa arudishiwe ndani ya siku 7 za kazi. Aliyelipa kwa njia nyingine, ndani ya siku 20. Fedha hurudi kwa njia ile ile iliyolipiwa. Shirika laweza kumpa hati ya kusafiria siku za mbele badala ya fedha, lakini halina ruhusa ya kumlazimisha, wala kumficha kwamba fedha ni haki yake. Kama amekwisha kwenda na ni safari ya kurudi iliyobadilishwa, hurudishiwa thamani ya sehemu ambayo hakuitumia.

Kama alinunua kwa wakala, atazame katika hesabu ya benki ni jina la nani lililopokea fedha. Likiwa la shirika, alidai shirika. Likiwa la wakala, amdai wakala. Wengi huzungushwa majuma kwa sababu hawakuanza na swali hili. Akikataliwa isivyo haki, aandike malalamiko kwa shirika. Kanuni yalitaka lithibitishe kuyapokea ndani ya siku 30 na kujibu ndani ya siku 60. Na mlango wa Idara ya Usafirishaji ya Marekani u wazi kupokea mashtaka ya wasafiri.

Lakini marejesho hayafuniki kila hasara. Chumba cha hoteli kilicholipiwa, au tiketi ya pili iliyonunuliwa mbali kwa shirika jingine, hayo sheria hii haiyagusi. Lau ndugu hawa wangenunua tiketi ya mpaka Dar es Salaam, kisha nyingine peke yake ya kwenda Unguja, ile ya pili ingepotea bila ya mtu wa kumdai.

Wasomaji wetu walioko Ulaya wana sheria yao, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya. Huko, ndege ikifutwa, mwenyewe msafiri huchagua baina ya fedha zake na kupelekwa aendako kwa njia nyingine, na yote mawili ni haki ya kisheria. Tarehe 21 Desemba 2021 Mahakama ya Umoja huo iliamua kwamba ndege iliyorudishwa mapema kwa zaidi ya saa 1 yahesabiwa kuwa imefutwa. Kanuni hiyo yafuata kila ndege itokayo katika nchi za Umoja, na ile iendayo huko kutoka nje ikiwa ni ya shirika la Ulaya. Uingereza nayo ilibaki na sheria ya namna hiyo baada ya kutoka katika Umoja.

Ama asafiriye kutoka Dar es Salaam au Mombasa kwenda Maskati au Jidda, sheria hizo mbili hazimfikii. Tegemeo lake la kwanza ni masharti ya uchukuzi ya shirika aliloliendea, nayo huwa yameandikwa. Na mwenye kwenda Umra pamoja na kundi, tiketi yake mara nyingi i chini ya mkataba wa wakala na shirika. Basi kabla ya kulipa amwulize wakala, na aandikiwe: saa zikibadilishwa sana, nani atanirudishia, na kwa muda gani?

Ndugu mdogo alifika Unguja Alhamisi ile usiku. Mpaka amalize ukaguzi na kuchukua mizigo, saa tano zilikuwa zimekaribia. Alikuta majamvi yanakunjwa na sahani zinaoshwa. Kaka yake alikuwa amemwozesha dada yao kwa mkono wake, na bibi harusi amekwisha pelekwa kwa mumewe. Yeye hakumlaumu mtu. Alituambia neno moja tu, nalo ndilo tulilolifanya sababu ya kuandika kurasa hizi: "Niliulizwa kama nimeridhika, nami nikajibu kabla sijalisoma swali."